Kufuta Video Si Kufuta Ubao

Tuchukue hadithi fupi. Zawadi, msichana wa miaka 16, atuma katika kundi la WhatsApp la darasa lake video inayomdhihaki mwalimu. Jioni, aonapo imevuma, aifuta kwa kundi zima. Asubuhi aikuta katika simu ya binamu yake wa shule nyingine.

Imewezekanaje? Amri ile hufuta ujumbe alioutuma Zawadi tu. Mwenzake alipoipeleka katika kundi jingine, ulizaliwa ujumbe mpya usio mkononi mwa Zawadi. Wala haigusi nakala iliyokwisha kuhifadhiwa kwingine.

Kitenzi "kufuta" tulikizoea ubaoni, penye andiko moja tu. Sasa Zawadi hana budi kumwendea kila aliyeisambaza. Na kwanza kabisa, mwalimu mwenyewe.