Dashibodi Inayojengwa Saa Nane Usiku

Ninatunza dashibodi ndogo ya bei za nafaka sokoni. Wakusanyaji hujaza bei kwenye jedwali la mtandaoni hadi usiku, na wachuuzi huifungua alfajiri kabla ya kupakia mizigo. Sina seva. Kila usiku GitHub huniazima kompyuta kwa dakika chache: inasoma jedwali, inachora grafu, inapeleka ukurasa mpya GitHub Pages, kisha inafutwa.

Agizo lenyewe hukaa katika faili ndani ya folda ya `.github/workflows`, kwenye tawi kuu la mradi. Ratiba yake ni hii:

```yaml
on:
  schedule:
    - cron: '17 23 * * *'
  workflow_dispatch:
```

Namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa. Saa hiyo husomwa kwa UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo 23:17 ni saa nane na dakika 17 usiku kwetu. Dakika 17 nimeichagua makusudi, kwa kuwa saa inapogonga kamili miradi mingi huamka pamoja. Kazi huchelewa, na pengine hurukwa kabisa. Mstari wa mwisho unaniwezesha kuiendesha kwa mkono ikirukwa.

Mtego ulioninasa ni tarehe. Kwetu Jumanne imeshaingia, lakini kompyuta ile bado iko Jumatatu. Programu yangu ilipouliza "leo ni lini?", ukurasa ulitoka na tarehe ya jana. Tangu hapo programu yenyewe nimeiwekea `Africa/Dar_es_Salaam`.

Mradi wangu uko wazi kwa umma, hivyo dakika za kompyuta za kawaida sizilipii. Ungekuwa wa siri, mpango wa bure ungenipa dakika 2,000 kwa mwezi, na kila kazi hupandishwa hadi dakika nzima. Yangu huchukua dakika tatu na sekunde kumi, kwa hiyo ingehesabiwa nne. Kwa siku 30 ni dakika 120 tu. Nikiiendesha kila nusu saa, zinafika 5,760, na kazi ingekwama kabla ya katikati ya mwezi. Isitoshe, kwa mpango huo wa bure Pages haichapishi kutoka mradi wa siri.

Uwazi nao una sharti lake: mradi wa umma ukikaa siku 60 bila shughuli yoyote, ratiba huzimwa. Wangu haukuwa ukiguswa, maana bei ziko kwenye jedwali la nje. Ratiba ilipozimwa ukurasa haukuanguka. Uliendelea kuonyesha grafu nzuri zenye bei za zamani, na mchuuzi mmoja akapanga safari kwa bei hizo. Niliiwasha tena kwa kubonyeza Enable workflow kwenye ukurasa wa Actions. Sasa juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa kuliko kichwa chake, pameandikwa tarehe ya bei ya mwisho kupokelewa.