Kumjibu Mteja Mwenye Hasira (Sehemu ya 3): Rasimu ya WhatsApp Isiyofaa Kutoka Nje

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona namna biashara ndogo inavyojiandikisha kwenye ramani ya Google, na namna nyota za wateja zinavyohesabiwa. Leo tufike penye maumivu: mteja ametoa nyota moja na maneno makali, na mwenye duka anataka kujibu usiku uleule.

Tuchukue mfano wa karakana ya kushona katika komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Haina jina, kwa sababu nimeitunga kutokana na malalamiko ambayo fundi yeyote wa mji huu atayatambua. Mteja mmoja, mama aliyeshonesha gauni la kitenge kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, ameandika hivi: «Bezi na waongo. Nililipa pesa yangu, waliniahidi Jumatano, gauni wakalitoa Ijumaa usiku, harusi ni Jumamosi. Mikono inabana, sikuweza hata kucheza. Musiende kule.»

Mwenye karakana anafungua kikundi cha WhatsApp cha mafundi wake na kuandika jibu analokusudia kulibandika: «Weye mama, acha bongo. Ulilipa nusu tu, salio ukaleta na noti ya dola yenye kupasuka. Vipimo tulichukua mu mwezi wa sita, harusi mu mwezi wa nane, katikati ukanenepa. Umeme ilipotea siku ine, sisi hatuko SNEL. Watu kama weye ndio banaharibisha kazi ya wengine. Tuko na miaka kumi na mbili hapa, hakuna mtu alilalamika.»

Rasimu hiyo isifutwe. Ndani yake mna karibu kila kitu tunachohitaji, ila vimechanganyika. Kazi ya kwanza ni kuipitia sentensi kwa sentensi, tukiuliza swali moja tu: mtu asiyetujua, anayetafuta fundi wa kumshonea mwezi ujao, atafanya nini na habari hii? Yeye ndiye msomaji mkubwa wa jibu letu. Mama mwenye gauni atapata taarifa kwamba amejibiwa, na huenda asirudi tena kusoma. Lakini jibu litakaa chini ya lalamiko lake, likionyesha kwamba limetoka kwa mwenye biashara, na kila anayefungua ukurasa ataliona. Mwenye duka hana uwezo wa kulifuta lalamiko la mteja. Anaweza kuliripoti tu kama linavunja kanuni za Google, na kusema kwamba nguo ilichelewa si kuvunja kanuni.

Habari ya pesa inatoka kabisa. Nani alilipa nusu, na kwa noti ya namna gani, ni mambo ya daftari. Habari ya mwili ndiyo hatari zaidi. Vipimo vya mwanamke na unene wake ni siri aliyoiacha kwa fundi wake. Ukivitangaza, kila mwanamke anayesoma atajua kwamba siku ya ugomvi vyake pia vitatangazwa. Tena Sheria ya Kidijitali ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za mtu binafsi, na kumtukana mtu hadharani ni kosa tangu zamani katika sheria ya jinai. Kwa hiyo «acha bongo» na «watu kama weye» zinaondoka bila mjadala. Miaka kumi na mbili nayo iondoke. Si kosa kuitaja, lakini haimwambii msomaji kitu kuhusu Ijumaa ile.

Kinachobaki ni mambo matatu: umeme ulikatika siku nne, gauni lilichelewa siku mbili, mikono ilibana. Hapa wengi hukosea kwa kuanza na umeme. Lubumbashi nzima inajua habari ya kukatika kwa umeme, na mteja hakatai kwamba ulikatika. Anachouliza moyoni ni kwa nini hakuna aliyempigia simu Jumanne kumwambia. Sababu ya kweli inaruhusiwa kutajwa, ila kwa sentensi moja, na baada yake ifuate sehemu iliyokuwa mikononi mwetu.

Kabla ya kuahidi lolote kuhusu mikono, mwenye karakana amwite fundi aliyeikata nguo na kumuuliza aliacha kitambaa kiasi gani ndani ya mshono. Akiwa ameacha sentimita 2 kila upande, mikono inaweza kuachiwa vizuri. Kama aliacha nusu sentimita, haiwezekani, na itabidi kutoa kitu kingine, labda kushona mikono mipya kama kitenge kilibaki. Ahadi ya hadharani isiyotekelezeka huzaa lalamiko la pili, na hilo la pili huwa baya kuliko la kwanza. Tuseme fundi amethibitisha sentimita 2. Basi jibu liwe hivi:

«Habari Mama. Asante kwa kutueleza. Tulikuahidi gauni Jumatano, ukalipata Ijumaa usiku, na mikono ikakubana siku ya harusi. Tunakuomba radhi kwa yote mawili. Juma lile umeme ulikatika siku nne. Tulipaswa kukupigia simu siku ya kwanza, na hatukufanya hivyo. Tafadhali leta gauni, tutaiachia mikono bila malipo. Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi.»

Tazameni kwamba neno «lakini» halimo. Ndilo ninalolitafuta kwanza ninapopitia jibu la mtu, kwa sababu likifuata baada ya kuomba radhi, huirudisha radhi mfukoni. Kisha natazama sentensi zinazoanza na «wewe» zikimwambia mteja alichokosea. Hapa anatajwa kwa yaliyompata tu. Kama mama ameandika kwa Kifaransa, ajibiwe kwa Kifaransa, wala tusimsahihishe lugha. Na jibu lisomwe kwa sauti na mtu wa nje ya karakana, jirani au binamu, asiyejua kisa. Akiuliza «huyu mama alifanya nini?» basi hasira bado imo, irudiwe.

Kuna kitu kimoja ambacho jibu hili halikusema: hatukumwomba mama aondoe nyota yake. Google inakataza kumpa mteja zawadi, punguzo au huduma ya bure ili abadilishe au afute maoni yake. Mikono iachiwe kwa sababu inabana. Akitaka kubadilisha aliyoandika, anaweza kufanya hivyo mwenyewe wakati wowote. Asipotaka, nyota moja itabaki, na jibu letu litabaki chini yake.

Suala la salio na noti iliyopasuka, kama bado lipo, lizungumzwe ana kwa ana siku atakapoleta gauni, baada ya kupima mikono, si kabla. Mwenye duka akigundua baadaye kwamba alikosea siku au saa katika jibu lake, Google inamruhusu kulihariri. Asahihishe palepale, asiandike maelezo marefu.

Wenye maduka wanaosoma makala haya, nawaomba rasimu za hasira ziendelee kuandikwa, ila ziandikwe ndani ya kikundi cha kazi, na jibu la hadharani liandikwe asubuhi, fundi aliyeishona nguo akiwa pembeni. Juma lijalo tutaangalia maoni ya mtu ambaye hajawahi kuwa mteja wetu: namna ya kuhakikisha kwenye daftari la oda, namna ya kumjibu, na namna ya kuyaripoti.