Mali Kauli na Pande Mbili za Hesabu ya Duka

Mlinganyo wa uhasibu unasema kwamba kila kitu kilichomo katika biashara kina mwenyewe. Huandikwa hivi:

Mali = Madeni + Mtaji

Upande wa kushoto huhesabu vitu vyenyewe: fedha za kwenye droo na benki, bidhaa za kwenye rafu, mizani, friji, na hata pesa ambazo wateja wamekopa na wanatarajiwa kulipa. Upande wa kulia hauna kitu cha kushikika. Hujibu swali jingine kabisa: vitu vile vya kushoto, nani ana haki navyo? Wa kwanza ni watu wa nje wanaolidai duka, na haki yao ndiyo madeni. Kinachobaki baada ya hao kutengewa chao ni haki ya mwenye duka, na hiyo ndiyo mtaji. Pande mbili hulingana kwa sababu ni mali ileile inayotazamwa mara mbili, kwanza kama vitu, kisha kama haki za watu.

Maneno haya mawili ya kulia yana mtego. Mtaani, mtaji ni fedha yoyote ya kuzungusha, hata ile iliyokopwa kwenye kikoba. Katika uhasibu fedha hiyo ya kukopa ni deni, na mtaji ni sehemu ya mwenye biashara peke yake. Neno madeni nalo hapa ni yale ambayo duka linadaiwa. Kile ambacho duka linawadai wateja ni mali, na kinakaa kushoto.

Ichukuliwe mfano wa mtu anayefungua duka la vyakula kwa shilingi 3,000,000 zake mwenyewe. Siku hiyo hesabu ni nyepesi: mali ni fedha 3,000,000, madeni hakuna, mtaji ni 3,000,000. Anatoa 800,000 kununua rafu na mizani, kisha 1,200,000 kununua mchele, unga na sabuni, vyote kwa fedha taslimu. Duka sasa limejaa, lakini jumla haijasogea hata shilingi moja. Fedha zilizobaki ni 1,000,000, vifaa 800,000, bidhaa 1,200,000, na ukijumlisha unapata 3,000,000 zilezile. Mali imebadili sura tu, kwa hiyo upande wa kulia haukuwa na sababu ya kuguswa.

Wiki inayofuata, muuzaji wa jumla anamwamini na kumpa mifuko 6 ya sukari, kila mmoja 150,000, alipe baada ya siku 30. Hii ndiyo wafanyabiashara wengi wa Tanzania huiita mali kauli. Hakuna fedha iliyotoka, na hapo ndipo wanaoanza hudhani hakuna cha kuandika. Lakini mifuko imeshashushwa na sasa ni ya duka, kwa hiyo bidhaa zimepanda kwa 900,000. Fedha hazikupungua, vifaa havikupungua. Upande wa kushoto umefika 3,900,000, na ni lazima kulia kuwe na mtu mwenye haki na nyongeza hiyo. Si mwenye duka, kwani hakuongeza chochote chake. Ni muuzaji wa jumla. Hivyo madeni yanapanda kutoka sifuri hadi 900,000, na mlinganyo unasomeka:

3,900,000 = 900,000 + 3,000,000

Mtaji haukutikisika. Duka limeongezeka mzigo, mteja anayeingia ataona rafu zimenona, ila mwenye duka hakutajirika kwa kupokea sukari hiyo. Tarehe ya kuandika nayo ni siku mzigo ulipopokelewa, si siku utakapolipiwa. Kusubiri malipo kungemaanisha kwamba kwa mwezi mzima kuna mifuko dukani isiyo na mwenyewe.

Anapolipa sehemu ya deni, tuseme 400,000, pande zote mbili hushuka pamoja: fedha zinabaki 600,000 na deni linabaki 500,000. Jumla ya kila upande sasa ni 3,500,000. Mtaji bado ni 3,000,000, jambo linalowashangaza wengi, maana kulipa deni huuma mfukoni kama hasara. Gharama haikutokea hapo. Fedha imepungua na haki ya mdai imepungua kwa kiasi kilekile. Hata mfuko mmoja ukirudishwa kwa sababu ulilowa njiani, na muuzaji akaukubali, hesabu hufuata njia hiyohiyo: bidhaa hupungua 150,000 na deni hupungua 150,000.

Mtaji husogea pale sukari inapouzwa. Mifuko 2 iliyogharimu 300,000 ikiuzwa 340,000 taslimu, bidhaa zinapungua 300,000 na fedha zinaongezeka 340,000. Kushoto kumezidi 40,000. Muuzaji wa jumla hana haki na ziada hiyo, yeye anadai 500,000 zake tu, kwa hiyo 40,000 ni ya mwenye duka na mtaji wake unakuwa 3,040,000.

Kosa linalouma zaidi katika mali kauli linatokana na namna maduka madogo yanavyopata mtaji wao. Mwisho wa mwaka mwenye duka huhesabu bidhaa, fedha na vifaa, hutoa madeni, na kinachobaki hukiita mtaji. Hebu turudi siku ile mifuko 6 ilipoingia, na tuseme deni halikuandikwa popote. Hesabu ya rafu itaikuta sukari, mali itakuwa 3,900,000, madeni yataonekana sifuri, na mtaji utatoka 3,900,000. Mlinganyo umelingana vizuri kabisa, na umedanganya: faida ya 900,000 imezaliwa kutokana na karatasi iliyosahaulika. Mwenye duka akitumia faida hiyo kwa ada za shule, ataijua siku 30 zikitimia.

Vilevile ikisahaulika sukari pamoja na deni lake, pande zote zitapungua sawasawa na hakuna kitakachoonekana kimepinda. Kulingana kwa pande mbili kunaonyesha tu kwamba kilichoandikwa kimeandikwa mara mbili. Hakuonyeshi kwamba vyote vimeandikwa. Dawa iko nje ya daftari. Kila mwezi mwenye duka alinganishe orodha ya madeni yake na taarifa ya muuzaji wa jumla, na ankara za siku za mwisho za mwezi azilinganishe na mizigo iliyopokelewa kweli. Tofauti nyingi hupatikana katika siku hizo chache, mzigo ukiwa umefika na ankara bado iko njiani.

Upo pia mzigo unaofanana na mali kauli ambao hauingii kabisa katika mlinganyo. Msambazaji akiacha doti 20 za kanga dukani kwa makubaliano kwamba ni zake mpaka ziuzwe, na zisizouzika atazichukua, duka halijanunua kitu. Kanga zipo rafuni, lakini hazihesabiwi kushoto, na kulia hakuna deni. Inatosha kuziandika pembeni ili zisichanganywe na bidhaa za duka. Doti moja ikiuzwa 15,000, na mapatano ni kwamba duka libaki na 2,000, ndipo mlinganyo unaguswa: fedha zinaongezeka 15,000, deni kwa mwenye kanga linakuwa 13,000, na mtaji unapanda 2,000.