Kisanduku ni tupu ao kinatudanganya? Kuhesabu nafasi wazi mu Excel

Wengi wetu tunapoanza staje, kazi ya kwanza tunayopewa ni liste ya watu mu Excel. Mimi nilipewa liste ya familia 120 zenye zilipaswa kupata feza kupitia simu. Kolone C ilikuwa ya namba za simu. Shefu aliuliza: wangapi wako na namba? Niliandika fomula, nikajibu 103. Siku ya kutuma feza, namba zilionekana 80 tu. Familia 23 zilikuwa zinangojea bure, na hakuna mtu aliyekwenda kuwauliza namba, ju mimi nilisema wanazo.

Kosa lilikuwa wapi? Visanduku, zile tunaita kaze, vilikuwa vyeupe kwa macho, lakini Excel ilikuwa inaona kitu ndani. Kuna kaze tupu kabisa, yenye hakuna mtu ameigusa. Kuna yenye nafasi ndani: mtu alitaka kufuta namba, akabonyeza ule mti mrefu wa klavie pahali pa kubonyeza Suppr. Na kuna ya tatu, mubaya zaidi: iko na maandishi yasiyo na herufi hata moja. Inatoka kwa fomula kama hii:

```
=SI(B2="oui";D2;"")
```

Zile alama mbili za mwisho maana yake ni "andika maandishi matupu". Hata ukikopia kolone na kuibandika kama valeri tu, fomula inapotea lakini yale maandishi matupu yanabaki. Ukibofya pale, hata mstari wa fomula hauonyeshi kitu.

Excel yetu mingi ni ya Kifaransa, kwa hiyo naandika fomula vile ziko pale. Nilianza na hizi mbili:

```
=NBVAL(C2:C121)
=NB.VIDE(C2:C121)
```

Ya kwanza ilitoa 103, ya pili 31. Jumlisha: 134. Lakini liste iko na mistari 120! Hapo ndipo ningepaswa kusimama. NBVAL inahesabu kila kaze isiyo tupu kabisa, hata yenye maandishi matupu. NB.VIDE nayo inahesabu zilizo tupu kabisa pamoja na zenye maandishi matupu. Basi zile za maandishi matupu zinahesabiwa mara mbili, na ile 14 yenye inazidi ndiyo hesabu yao kamili. Tupu za kweli ni 120 kutoa 103, ni kusema 17. Na 17 na 14 zinafanya 31, vile NB.VIDE ilisema.

Zinabaki zile za nafasi. NB.VIDE haizioni hata kidogo, kwake nafasi ni herufi kama zingine. Tunatafuta kaze yenye urefu unapita 0, lakini ukitoa nafasi urefu unakuwa 0:

```
=SOMMEPROD((NBCAR(C2:C121)>0)*(NBCAR(SUPPRESPACE(C2:C121))=0))
```

Ilinipa 6. Lakini 103 kutoa 14 kutoa 6 ni 83, na namba za kweli zilikuwa 80. Tatu zilikuwa zimejificha. Nilichukua moja yenye kushukiwa, nikaandika `=CODE(C57)`, ikajibu 160. Nafasi ya kawaida inajibu 32. Hiyo 160 ni nafasi isiyokatika, inakuja mara mingi na maandishi yaliyokopiwa kwenye mtandao, na SUPPRESPACE haiigusi. Inafaa kuigeuza kwanza kuwa nafasi ya kawaida, mu kolone ya pembeni:

```
=SUPPRESPACE(SUBSTITUE(C2;CAR(160);" "))
```

Shusha fomula hiyo kutoka E2 mpaka E121. Sasa kila kaze isiyo na namba, ya aina yoyote, imekuwa maandishi matupu, na `=NB.VIDE(E2:E121)` inajibu 40: 17, 14 na 9. Lakini usiweke NBVAL juu ya kolone E. Itakujibu 120, ju kila kaze pale iko na fomula.

Mtu atasema: kwa nini usifute nafasi zote kwa Rechercher et remplacer? Nilijaribu. Namba zilizoandikwa na nafasi katikati ziligeuka hesabu, na ile 0 ya mbele ikaanguka. Kolone C yenyewe usiiguse, iache vile ilivyokuja.

Ukitaka kupima kaze moja tu, `=ESTVIDE(C2)` inajibu VRAI kwa tupu ya kweli peke yake. Ikijibu FAUX na kaze ni nyeupe, weka `=NBCAR(C2)`: 0 ni maandishi matupu, 1 ao zaidi ni nafasi.

Zile 17 tulizipeleka kwa waandikaji, ju pengine hawakuuliza kabisa. Zile 14 tulirudia kwa kolone D kuangalia fomula. Na zile 9, mtu alikuwa amefuta namba, kwa hiyo tuliuliza ni nani na kwa nini.