Printa Imewaka, Kompyuta Inasema Haipo

Taa ya printa ilikuwa ya kijani, imetulia. Karatasi zilikuwa kwenye trei. Mwenye duka la steshenari aliweka cheti cha mteja juu ya kioo, akabonyeza kitufe cha kopi, na kopi ikatoka safi. Akarudi kwenye kompyuta, akatuma barua ya maombi ya kazi ya mteja huyohuyo, na chini ya jina la printa likabaki lilelile neno lililomsumbua tangu umeme uliporudi saa tatu asubuhi: `Offline`.

“Fundi, hii mashine imewaka na kopi inatoa,” aliniambia. “Sasa inasemaje haipo?”

Anayesema haipo ni kompyuta. Imeita pale inapoamini printa inakaa, haikujibiwa, ikaandika `Offline`. Printa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa na isijue kwamba kuna mtu aliita. Ndiyo maana kutoa kopi hakumalizi ubishi: kopi huanzia na kuishia ndani ya mashine, kwa hiyo inathibitisha uzima wa wino, roli na karatasi, lakini haigusi njia iliyo kati ya printa na kompyuta. Na ubovu, neno hili linapotokea huku taa zikiwaka, mara nyingi uko kwenye njia hiyo.

Wiki iliyotangulia, kijana mmoja alikuwa amefuta draiva na kuiweka upya. Printa ikafanya kazi, umeme ukakatika tena, tatizo likarudi. Hali kama hiyo inawapoteza wengi, kwa sababu inaonekana kana kwamba draiva ndiyo iliyokuwa mbovu. Kumbe ukiweka draiva upya, kompyuta huitafuta printa upya na kuandika mahali inapoikuta siku hiyo. Unapona kwa muda bila kujua ulikuwa unaumwa nini. Mimi huiacha draiva hadi mwisho.

Swali la kwanza ni hili: kompyuta inaiitia printa wapi? Jibu limeandikwa ndani ya Windows. Fungua orodha ya printa, chagua yako, ingia `Printer properties`, kisha `Ports`. Mstari wenye alama ya vema ndio njia inayotumika. Ukiona `USB001` au namba inayofanana nayo, kompyuta inatumia waya. Ukiona tarakimu kama 192.168.1.23, inaita anwani kwenye mtandao wa ndani. Ukiona neno linaloanza na `WSD`, inategemea printa ijitangaze yenyewe kwenye mtandao, na utaratibu huo ndio ninaouamini kidogo kuliko yote, kwa kuwa tangazo likipotea njiani printa nayo hupotea kwenye kompyuta.

Tuanze na waya, maana ndio rahisi. Uchomoe upande wa kompyuta, kisha uchomeke tena ukiwa umefungua sauti. Kompyuta ikitoa mlio, imehisi kitu. Ikikaa kimya, jaribu tundu jingine, kisha waya mwingine, na chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kipanuzi katikati. Waya wa kawaida wa USB haupaswi kuzidi mita 5. Nimeshakuta printa iliyowekwa chumba cha pili kwa nyaya mbili zilizoungwa, ikionekana asubuhi na kupotea mchana.

Kuna mtego mmoja kwenye waya unaofanana sana na ubovu. Ukihamisha waya kutoka tundu moja kwenda jingine, Windows inaweza kuichukua printa ileile kuwa ni mpya. Kwenye orodha yanabaki majina mawili, moja likiwa na `Copy 1` mbele yake. La zamani linaelekea `USB001` ambako hakuna kitu, na jipya linaelekea `USB002`. Programu zako zinaendelea kutuma kwa la zamani kwa mazoea. Hapo huhitaji kununua chochote: lifute jina lisilo na mashine, lililobaki ulifanye kuwa chaguo la kawaida.

Pale dukani, mstari wenye vema ulikuwa na tarakimu: 192.168.1.23. Waya ukatoka kwenye kesi. Zikabaki mbili, waifai na anwani, na hizi watu huzichanganya kwa sababu zote zinapita hewani. Waifai ni kuwepo kwenye mtandao. Anwani ni namba unayoitiwa ukishakuwepo. Mtu anaweza kuwa ameingia mtaani kweli, lakini wewe ukawa unagonga nyumba aliyokwisha kuhama.

Njia nyepesi ya kuzitenganisha ni kuiuliza printa yenyewe. Karibu kila printa ya waifai inaweza kuchapa karatasi ya hali ya mtandao bila kompyuta. Vitufe vya kubonyeza hutofautiana, vimo kwenye kijitabu chake au kwenye menyu ya kioo chake. Katika karatasi hiyo tafuta vitu vitatu tu: jina la mtandao iliojiunga nao, anwani ya IP, na ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 12 inayoitwa anwani ya MAC, ambayo printa ilipewa kiwandani na haibadiliki umeme ukikatika.

Karatasi ikionyesha kwamba printa haijajiunga, au jina la mtandao ni lile la ruta mliyoitupa mwaka jana, tatizo ni waifai. Mara nyingi mtu alibadilisha nywila, akaziingizia simu zote, akaisahau printa. Sababu nyingine ni masafa: printa nyingi za bei nafuu husikia gigahezi 2.4 peke yake, na ruta ikiwekwa kutoa 5 tu, printa haioni kitu hata ikiwa juu yake. Anwani ikianza na 169.254, printa ilitaka kupewa namba na hakuna aliyeijibu, ikajipa yake. Izime, subiri ruta iwake kabisa, kisha uiwashe tena.

Usiikague printa peke yake, kagua na kompyuta. Hili la kwetu ni la kila wiki: kifurushi cha ofisi kimeisha, mtu anaihamishia kompyuta kwenye hotspoti ya simu yake, printa inabaki kwenye ruta. Hapo kila mmoja yuko mtandao wake na hawawezi kuonana. Inafaa kujua kwamba kuchapa ndani ya ofisi hakutumii kifurushi. Ruta ikiwaka, hata bila intaneti, barua inafika kwenye printa. Rudisha kompyuta kwenye ruta, chapa, kisha urudi kwenye hotspoti. Mtandao wa wageni nao hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa ruta nyingi humzuia mgeni asiguse vifaa vya wenyeji.

Karatasi ya dukani ilitoka ikiwa na jina sahihi la mtandao, na anwani 192.168.1.31. Kompyuta ilikuwa inaita 23.

Pale pale tungeweza kubadilisha namba tukaondoka. Lakini mwenye duka aliniambia jambo lililonifanya nikae: kijana wa wiki iliyopita aliijaribu ile 23 na ikajibu. Tukarudia pamoja, kwenye dirisha la amri:

```
ping 192.168.1.23
arp -a
```

Kweli, majibu manne yalirudi. Hapa msomaji awe makini na mambo mawili. Kwanza, jibu linaloishia na `Destination host unreachable` linaweza kuonekana kama limetoka mbali, kumbe ni kompyuta yako mwenyewe inayokuambia haikumpata mtu. Pili, hata jibu la kweli linasema tu kwamba kuna kifaa kwenye namba hiyo. Halisemi ni kifaa gani. Amri ya pili ndiyo inayotoa siri hiyo, kwa kuwa huonyesha kila anwani na anwani ya MAC ya anayeikalia. Karatasi ya printa ilionyesha namba inayoishia 4C-7A. Anayeijibu 23 aliishia 19-E2. Tulipopekua mipangilio ya simu zilizokuwemo, ilikuwa simu ya msaidizi wa duka.

Ilivyotokea inaeleweka kirahisi. Ruta hugawa namba kwa muda, kama chumba cha kupanga, na kwa kawaida mpangaji anayerudi hupewa chumba chake. Lakini ruta nyingi za nyumbani zikikatika umeme husahau daftari la wapangaji. Siku ile umeme uliporudi, simu zilikuwa hai kwa betri zao, zikaomba namba mara ruta ilipoamka. Printa iliwashwa baadaye kwa mkono. Ilipofika, 23 ilikuwa na mtu, ikapewa 31. Kompyuta haikuambiwa.

Dawa ina sehemu mbili, na ya kwanza ndiyo wengi huiruka. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta `Address Reservation` au `DHCP Reservation`, andika namba ya kiwandani ya printa na anwani unayotaka iwe yake siku zote. Sisi tuliiachia 31, kwa kuwa ilikuwa nayo tayari. Wapo wanaoiandika anwani ndani ya printa yenyewe. Inafaa pia, ila namba hiyo iwe nje ya fungu ambalo ruta inagawa. Ikiwa ndani, siku moja ruta itampa mwingine namba ileile na vifaa viwili vitagombana.

Sehemu ya pili iko kwenye kompyuta. Rudi `Ports`, bonyeza `Add Port`, chagua `Standard TCP/IP Port`, andika anwani mpya, hakikisha vema imekaa kwenye mstari huo. Kama printa inachapa lakini neno `Offline` linagoma kuondoka, fungua `Configure Port` uondoe vema kwenye `SNMP Status Enabled`. Hiyo ni salamu ya pembeni ambayo Windows hutumia kuuliza hali, na printa isiyoijibu huandikwa haipo hata ikiwa inapokea kazi.

Kabla ya kubonyeza `OK` nilimwomba mwenye duka afungue foleni ya kuchapa. Tangu saa tatu alikuwa ametuma barua ile ya maombi ya kazi mara tisa, akitumaini, na zote tisa zilikuwa zimesimama pale zikisubiri njia ifunguke. Tukafuta nane. Ya tisa ilitoka kabla sijafunga begi langu.