Kadi Mezani, Klasi Mikononi

Mwaka 1989, katika mkutano wa OOPSLA, waandishi wa programu Kent Beck na Ward Cunningham walieleza njia yao ya kufundisha usanifu wa programu kwa kadi za karatasi za inchi nne kwa sita. Kila kadi ni klasi moja, yaani aina moja ya kitu ndani ya programu. Juu huandikwa jina lake, upande wa kushoto wajibu wake, na upande wa kulia washirika, yaani klasi nyingine inazolazimika kuziomba msaada.

Kuandika kadi ni kazi nyepesi. Uhondo huanza kundi linapoigiza kisa. Watu wanne au watano huketi kuzunguka meza, kila mmoja ameshika kadi zake, na anayeitwa kufanya kazi huinua yake hewani.

Chukua mfumo wa maktaba. Kundi limeanza na kadi mbili, Mwanachama na Kitabu, na kwenye Kitabu limeandika: "hujua kama kimeazimwa." Kisa cha kwanza: mwanachama anataka riwaya ambayo maktaba ina nakala tatu, na moja imetoka. Je, Kitabu kimeazimwa? Mwenye kadi anakwama, kwa sababu ndiyo na hapana zote ni kweli. Hapo hapo mtu anachukua kadi tupu na kuandika Nakala, na ule wajibu unahamia huko.

Kisa cha pili: nakala inarudishwa ikiwa imechelewa siku nne. Nani anajua tarehe ya mwisho? Mwanachama ana vitabu kadhaa mkononi, kila kimoja na tarehe yake. Nakala nayo kesho itaazimwa na mtu mwingine. Baada ya mabishano inazaliwa kadi ya nne, Mkopo: hujua tarehe ya kurudisha, huhesabu siku za kuchelewa. Mshirika wake ni Nakala, inayopaswa kuambiwa kwamba sasa iko huru. Mabishano hayo ndiyo faida kubwa ya zoezi, maana kosa limeonekana kabla ya mstari wowote wa programu kuandikwa.

Udogo wa kadi una kazi yake. Ikijaa hadi maandishi yanabanana pembeni, klasi hiyo imebebeshwa mno na inafaa kugawanywa. Kadi isiyoinuliwa katika kisa chochote huenda haihitajiki kabisa. Kosa la kawaida zaidi ni kujaza upande wa kushoto majina ya taarifa tu, kama "tarehe" au "anwani", badala ya vitenzi; kadi ya namna hiyo haina la kujibu ikiulizwa.

Kadi hazionyeshi mfuatano wa matukio. Kwa hiyo mmoja wa kundi huandika visa vyote pembeni, na kadi inapobadilishwa, visa vilivyokwisha kupita huigizwa upya.