Mwangwi Unaofutika na Mwangwi Mkaidi

Kipaza sauti kinanasa sauti ya msemaji, na sampuli moja baadaye kinanasa mwangwi wake kutoka ukutani, ukubwa wake nusu. Hiyo ni hali A. Sasa nguzo ikizuia njia ya moja kwa moja, sauti inayotangulia hufifia hadi nusu, ile ya ukutani ikafika nzima. Hiyo ni hali B. Tuite sauti ya asili x, iliyonaswa y:

```
A: y[n] = x[n] + 0.5 x[n-1]
B: y[n] = 0.5 x[n] + x[n-1]
```

Mlio mzito kabisa, usiobadilika kati ya sampuli na sampuli, hukuzwa mara 1.5 na A, na vivyo hivyo na B. Mlio mwembamba kabisa, unaogeuza alama kila sampuli, hupungua hadi 0.5 kwa zote mbili. Hata milio ya katikati hulingana. Ukipima ukubwa wa sauti peke yake, huwezi kuzitofautisha.

Siri iko kwenye muda. Mlio ukivimba kisha ukanywea taratibu, uvimbe huo huchelewa kidogo kupita kwenye mfumo. Huo ndio ucheleweshaji wa kundi. Kwa mlio mzito, A huchelewesha thuluthi ya sampuli, B thuluthi mbili. Kwa mwembamba kabisa, A hutoa -1, B hutoa 2. Alama ya kutoa haimaanishi kwamba sauti imefika kabla ya kutamkwa: A hutumia tu mwelekeo wa wimbi ambalo tayari limeanza kuingia.

Kwa hiyo B ni A iliyoongezewa kipande kinachopitisha milio yote bila kuikuza wala kuipunguza, ila huichelewesha, kuanzia thuluthi ya sampuli hadi sampuli 3. Wahandisi hukiita kipitishavyote. A, isiyo na mzigo huo, ni mfumo wa awamu ndogo kabisa.

Hapa ndipo tofauti inapouma. Kufuta mwangwi wa A ni rahisi:

```
x[n] = y[n] - 0.5 x[n-1]
```

Kosa dogo likiingia, hupungua nusu kila hatua. Kwa B kanuni ni `x[n] = 2 y[n] - 2 x[n-1]`, na kosa hujizidisha mara mbili: baada ya sampuli 10 limekua mara 1,024. Kwenye simu ya sampuli 8,000 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo tu ya milisekunde moja, na spika inapiga kelele. Ukitumia kifutio cha A juu ya B, kelele haitokei na ukubwa unanyooka, lakini ucheleweshaji wa kipitishavyote unabaki palepale.

Kama sauti imesharekodiwa, anza mwisho urudi nyuma: `x[n-1] = y[n] - 0.5 x[n]`. Sasa kosa linapungua nusu, kama lilivyofanya kwa A. Kwenye mazungumzo yanayoendelea mwisho haujafika, basi kifaa husubiri. Kikisubiri sampuli 10, kikakisia sifuri na kurudi nyuma, kosa la kisio hilo hushuka hadi sehemu 1 ya 1,024.